Leti Haifuti Kosa: Nilivyomnyima Mzee wa Watu Mechi

Nianze na ukweli, manake nimekaa nao wiki mbili na unaniwasha. Kuna mzee wa hapa kwetu Ganda, dereva, anayecheza tenisi kuliko vijana wengi wa Malindi, na mimi ndo nilimnyima ushindi. Sikula hongo. Sikumpendelea rafiki yangu, ingawa wengine wanasema hivyo. Nilikuwa tu sijui tofauti ya leti na leti. Ndiyo, umesoma sawa. Ziko mbili, na zimewachanganya watu wengi kuniliko.

Ilikuwa fainali ya kashindano ketu kadogo, seti moja tu, kwenye korti moja ya saruji upande wa Malindi ambayo tunaruhusiwa kucheza wageni wakiwa hawapo. Zawadi ilikuwa elfu kumi, tumechanga wenyewe. Refa hatuna. Nikaambiwa, "Wewe si uko na kamera, kaa hapo karibu na neti uhesabu." Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Simu yangu nilikuwa nimeiweka kwenye stendi, pembeni, usawa wa ule mstari wa nyuma, nimnase rafiki yangu akianzisha mpira. Nilitaka video, sikuwa natafuta ushahidi.

Mzee anaongoza 5-4. Rafiki yangu ndo anaanzisha, na hesabu ni 30-40. Yani pointi moja tu mzee ashinde, mechi imekwisha. Rafiki anasimama upande wa kushoto, anapiga mpira wa kwanza, unazama kwenye neti. Kosa. Anapiga mpira wa pili, taratibu, unakwaruza ile kanda nyeupe ya juu ya neti, unaanguka ndani ya kisanduku. Mimi kwa sauti kubwa: "Leti! Mpira wa kwanza tena!"

Mzee akanyanyua mkono. "Kijana, huo ni wa pili. Leti ya wa pili inarudia wa pili."

"Mzee, leti ni kurudia pointi," nikamjibu. Nilikuwa na uhakika kabisa. Si ndo tunavyocheza siku zote mpira wa korti ya jirani ukiingia? Tunarudia pointi nzima, mipira miwili. Mzee akaniangalia, akatikisa kichwa, akarudi nyuma kupokea. Rafiki yangu, sasa akiwa na mipira miwili mkononi, akaupiga huo "wa kwanza" kwa nguvu zake zote. Mzee hakuugusa. 40-40. Rafiki akachukua gemu ile, akachukua mbili zilizofuata, 7-5, elfu kumi zikaenda.

Sasa sikiza sheria inavyosema, nilienda kuisoma baadaye kwa aibu. Kanuni za tenisi za dunia, zile za shirikisho la kimataifa, ITF, zina kanuni mbili zinazofuatana. Ya 22 ni leti ya wakati wa kuanzisha. Ya 23 ni leti ya kawaida. Zimeshikana mkono lakini hazifanyi kazi moja.

Leti ya 22 inatokea kwa njia mbili tu. Ya kwanza, mpira umegusa neti, au kanda yake, au ule mkanda wa katikati unaoivuta chini, halafu ukaangukia ndani ya kisanduku sahihi, au baada ya kugusa neti ukamgusa mpokeaji au mwenzake kabla haujatua. Ya pili, mpira umepigwa mpokeaji akiwa hajawa tayari. Hapo, na shika neno hili, mpira HUO MMOJA hauhesabiki, na mtu anarudia huo huo mmoja. Kanuni imeandika wazi kwamba leti hiyo haifuti kosa lililotangulia. Kama ulishakosa wa kwanza, kosa lako liko pale pale linakusubiri. Umegusa neti kwenye wa pili? Unarudia wa pili. Unaweza kugusa neti mara tano mfululizo, kila mara unarudia wa pili, hakuna kikomo, lakini wa kwanza haurudi.

Leti ya 23 ndo ile ya mpira wa jirani. Mpira uko mchezoni, mnarushiana, mara mpira mwingine unabingirika katikati ya korti. Mnasimama, na pointi nzima inarudiwa. Hapo hata kama aliyeanzisha alikuwa ameshakosa wa kwanza, anapewa mipira miwili upya, manake pointi yote imefutwa, pamoja na kosa lake. Kanuni yenyewe inatoa mfano huo huo na jibu lake ni hilo: anaanza na wa kwanza.

Kwa hivyo kosa langu lilikuwa kuchukua dawa ya 23 nikaitia kwenye kidonda cha 22. Neno ni moja, "leti", na mimi nikadhani tendo ni moja.

Najua kuna mtu atasema, kwani kuna tofauti gani, si angepiga tu ule wa pili ukaingia? Jamani, tofauti ni kubwa sana, na asiyecheza haioni. Mpira wa kwanza unapiga kama huna deni, ukikosa una mwingine. Mpira wa pili unapiga ukijua ukikosa pointi imekwenda, na kwa 30-40 pale, mechi imekwenda. Kwa hivyo unapunguza nguvu, unauzungusha upite juu ya neti kwa nafasi kubwa, unaulenga katikati ya kisanduku badala ya pembeni. Na yule mzee mipira ya namna hiyo anakula. Alikuwa ameshashinda pointi kibao kwa mipira ya pili ya rafiki yangu siku ile. Mimi kwa neno moja nilimtoa mzee mbele ya mpira anaoujua, nikamweka mbele ya mpira asiouona. Sisemi angeshinda lazima. Ila sheria ilimpa nafasi ile na mimi nikamnyang'anya.

Hapo ningeishia ningesema ni kosa moja. Usiku nikakaa kuhariri video.

Nikaicheza taratibu, picha kwa picha. Mguu wa kushoto wa rafiki yangu, ule wa mbele. Mpira wa kwanza uliozama: kiatu kiko nyuma ya mstari, safi. Wa pili uliogusa neti: safi. Ule wa nguvu ambao mzee hakuugusa: kiatu kinateleza, ncha inapanda juu ya mstari mweupe, na raketi bado haijafika kwenye mpira. Inafika picha tatu baadaye. Nikarudisha nyuma, nikaicheza tena. Nikaenda nje kupunga upepo.

Hilo ni kosa la mguu. Pale kortini wengine hulichukulia kama mzaha, kama kitu cha kutaniana. Kanuni ya 18 haitanii. Kabla hujaanza, simama tuli, miguu yote miwili nyuma ya mstari, katikati ya ile alama ndogo ya kati na mstari wa pembeni. Ukishaanza mwendo wa kuanzisha mpaka raketi iguse mpira, huruhusiwi kugusa mstari wa nyuma wala ndani ya korti kwa mguu wowote. Mstari wenyewe ni marufuku. Watu wengi wanadhani kukanyaga mstari ni sawa kwa sababu mpira ukigusa mstari unahesabiwa uko ndani. Ndo hivyo hivyo: mstari ni sehemu ya korti, kwa hivyo ukiukanyaga umeshaingia kortini.

Pia huruhusiwi kutembea au kukimbia kubadilisha mahali, ila kusogeza miguu kidogo si kosa. Na kuna lile la pembeni ambalo karibu hakuna anayelijua huku: alama ya kati na mstari wa pembeni vinahesabiwa kama vimeendelea kwenda nyuma, mistari ya kufikirika. Ukiivuka kwa mguu wakati wa kuanzisha, ni kosa, hata kama uko nusu mita nyuma ya mstari wa nyuma. Wale wanaopenda kusimama karibu kabisa na alama ya kati, angalieni mguu wenu wa nyuma mnapouvuta.

Kinachoruhusiwa ni kuruka. Ukiwa hewani hujagusa chochote. Raketi ikishapiga mpira, tua popote, hata mita moja ndani ya korti. Ndiyo maana kwa macho ya kawaida unamwona mtu ametua ndani unapiga kelele, kumbe hana kosa. Swali ni mguu ulikuwa wapi KABLA ya raketi kugusa mpira, na hilo huwezi kuliona ukiwa umekaa karibu na neti kama nilivyokaa mimi, wala mpokeaji hawezi kuliona sawasawa akiwa ng'ambo. Unaliona ukisimama usawa wa mstari wenyewe, macho yakiwa chini, masikio yakikuambia raketi imegonga. Ukifuata mpira kwa macho umeshapotea.

Na huku kwetu pwani kuna sababu ya makosa haya ambayo mtu wa Nairobi hataielewa haraka. Upepo. Kusi likivuma mchana, mpira unaourusha juu haurudi ulikotoka, unakimbia. Ukisukumwa mbele, mwili unaufuata, na mguu unaufuata mwili. Rafiki yangu siku ile alirusha, upepo ukauchukua, akaukimbilia. Na sheria inampa njia ya kutoka: ukirusha mpira ukaona umekwenda vibaya, usiupige, udake. Hilo si kosa, unaanza upya. Ila ukiupungia raketi ukaukosa, hapo ni kosa hata kama hujaugusa.

Sasa tufanye hesabu ya pointi ile kama ilivyopaswa. 30-40, wa kwanza umezama: kosa la kwanza. Wa pili umegusa neti ukaingia, mguu safi: leti, rudia wa pili. Tuseme akaupiga vile vile alivyoupiga, mguu juu ya mstari. Ni kosa, na ni la pili mfululizo. Pointi kwa mzee. 6-4, mechi imekwisha, elfu kumi zinabaki Ganda. Haijalishi mpira ulikuwa wa kasi kiasi gani au uliangukia wapi. Na kama mpira huo wenye mguu mbovu ungegusa neti pia? Bado ni kosa, hakuna leti, manake leti ya neti inataka mpira ambao mambo yake mengine yote yako sawa.

Kuna wanaosema kosa la mguu lisiitwe kwenye pointi kubwa. Eti "muache mtu acheze." Hawa wote nawapeleka New York, Septemba 2009, nusu fainali ya US Open. Serena Williams dhidi ya Kim Clijsters. Serena ameshapoteza seti ya kwanza 6-4, ya pili yuko nyuma 5-6, anaanzisha akiwa 15-30. Anakosa mpira wa kwanza. Anapiga wa pili, jaji wa mstari anaita kosa la mguu. Makosa mawili, 15-40, Clijsters ana pointi mbili za kumaliza mechi. Serena akamwendea jaji yule kwa maneno makali na ya kutisha. Alikuwa tayari na onyo la kuvunja raketi mapema kwenye mechi, kwa hivyo adhabu iliyofuata ilikuwa kunyang'anywa pointi. Na pointi iliyobaki ilikuwa ya mechi. Ikaishia hapo, 6-4, 7-5, bila mpira mwingine kupigwa.

Watu bado wanabishana kama mguu uligusa kweli. Mimi ubishi wangu ni mwingine. Waliosema "si wakati wa kuita" wanataka mstari uwe mahali pamoja kwa 0-0 na uhamie mbele kidogo kwa 15-30. Sasa mpokeaji anacheza na mstari upi? Ila nawapa haki kwa jambo moja. Kama hujaita kosa la mguu mechi nzima, halafu unaliita mara ya kwanza kwenye pointi ya mwisho, mchezaji ana haki ya kuhisi umemvizia. Dawa ni kuita kutoka gemu ya kwanza, wakati hakuna anayejali, ili mtu arudi nyuma hatua moja mapema. Rafiki yangu angeambiwa kwenye gemu ya kwanza, angesimama nyuma upana wa kiganja, na upepo usingemfikisha kwenye mstari.

Shida ni nani aite. Kwenye mashindano ya ITF yasiyo na refa wa kiti, mpokeaji haruhusiwi kuita kosa la mguu. Anaita afisa peke yake, tena awe amesimama ndani ya korti. Sisi afisa hatuna. Kwa hivyo kwetu kosa hilo halipo kabisa, na kila mtu amejizoesha kukanyaga.

Na kwenye neti mambo yako kinyume. Hapo tukicheza bila refa yeyote anaweza kupaza sauti. Nimeona mara ngapi mtu anapigwa mpira mkali, hajaugusa, halafu anasema "neti hiyo." Umesikia wewe? Sikusikia. Mimi nilisikia. Basi rudia. Yani leti imekuwa mkopo usiolipwa.

Vyuo vya Marekani, kule alikoenda Angella Okutoyi wetu baada ya kushinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022 na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, waliliona tatizo hilo hilo. Tenisi ya wanaume ya daraja la kwanza la NCAA ikaondoa leti ya neti kabisa. Mpira ukigusa neti ukaingia kisandukuni, unachezwa. Ukidondoka puu karibu na neti, kimbia. ITF nayo imeiweka kwenye kanuni zake kama njia mbadala inayoruhusiwa, na ATP waliitumia Milan mwaka 2017 kwenye fainali za vijana.

Maoni yangu, na najua wazee wa korti watanisema, ni kwamba sisi tuifuate hiyo. Tukicheza bila refa, leti ya neti itoke. Ile ya mpokeaji kutokuwa tayari ibaki, hiyo ni haki ya mtu. Kumbuka tu kwamba ukijaribu kuurudisha mpira umehesabiwa ulikuwa tayari, usije ukapiga nje ndo useme hukuwa tayari. Na ya mpira wa jirani ibaki vile vile, ni usalama, mtu anaweza kuvunjika kifundo. Lakini ya neti tumeshindwa kuitumia kwa uaminifu, na mimi nimeshindwa kuitumia kwa ufahamu. Najua itakuwa na bahati ndani yake. Ila katikati ya pointi mpira ukigusa neti ukapita tunacheza na hakuna anayelia, kwa hivyo sioni kwa nini ule wa kuanzisha uwe yai.

Na kiti cha plastiki kihamishwe. Kitoke kwenye neti, kiende usawa wa mstari wa nyuma, kwa anayeanzisha. Anayekaa hapo ana kazi moja: viatu.

Nilimpelekea mzee video. Tulikaa nje kwake, akaiangalia mara mbili, simu ameishika mbali na macho. Nikamwambia mzee, nimekosa mara mbili, ile leti na huu mguu, nataka turudishe matokeo. Akacheka. Akaniuliza kama nimesoma mpaka kanuni ya 27. Sikuwa nimefika. Inasema kosa la sheria likigunduliwa, pointi zilizokwisha kuchezwa zinabaki kama zilivyo.

"Kwa hivyo alishinda," mzee akasema.

Rafiki yangu ameiona video pia. Hajanijibu siku ya tatu leo. Jumamosi tunacheza tena, bila leti ya neti, na mimi nitakuwa kwenye mstari.